Fahamu: Kwa nini aliye mbali hawasikii vizuri mlio chumbani

Mna kikao cha video: chumbani mko watu 8, kamera moja na spika moja ya mezani yenye maikrofoni ndani yake. Mwenzenu aliye Mwanza anasema anayeketi mwisho wa meza anasikika kama yuko kisimani. Chanzo ni umbali. Mdomo ukiwa mbali na maikrofoni mara mbili zaidi, sauti yake hupungua kwa desibeli 6 hivi, lakini mwangwi wa kuta hubaki vilevile. Basi iwekeni spika katikati ya meza, mbali na feni na projekta, nanyi msogee karibu nayo. Kamera ibaki kwenye skrini, usawa wa macho.

Kosa baya zaidi ni mtu wa humo chumbani kujiunga kwa laptopu yake huku sauti ikiwa wazi. Spika hufuta mwangwi wa sauti inayoitoa yenyewe tu. Ya laptopu haiijui, na hapo mlio mkali huanza. Azime maikrofoni na spika za laptopu, zote mbili.

Kabla ya kikao, mmoja atoke nje, ajiunge kwa simu yenye visikizi na asikilize, mwingine asome sentensi moja kutoka kila kiti.