Kofia Isiyo na Mshono

Maelekezo mengi ya kofia za sufu yameandikwa kwa mfumaji mwenye sindano mbili. Anafuma kitambaa bapa, anakigeuza kila anapofika mwisho wa safu, na akimaliza anakikunja na kukishona kisogoni. Mshono huo ndio unaowakera wengi: unakwaruza shingo, na nakshi za upande mmoja zisipokutana sawasawa na za upande wa pili, kasoro inaonekana tangu mbali. Dawa yake ni kufuma kwa mviringo, kwa sindano yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini, kazi iende ikizunguka kama bomba. Lakini maelekezo ya bapa hayaingii kwenye mviringo hivihivi. Lazima hesabu ibadilishwe kwanza.

Chukua kofia ya mtu mzima inayoanza na vitanzi 99. Ukingo wake ni kitanzi kimoja cha wazi, kimoja cha kinyume, hivyohivyo hadi mwisho. Kitanzi cha wazi ni kile kinachoonekana laini kwa mbele, na cha kinyume ni kile kinachoacha kinundu. Juu ya ukingo kuna nakshi ya vinundu vinavyochora msambamba mdogo, na safu yake ya kwanza imeandikwa hivi: 1 wazi, kisha 1 kinyume na 5 wazi, rudia mara 16, 1 kinyume, 1 wazi.

Rudio, yaani kipande kinachojirudia, lina vitanzi 6. Mara 16 ni 96. Je, vile 3 vya ziada vinafanya nini?

Viwili ni vya pembeni, kimoja kila upande. Kazi yao ni kumezwa na mshono. Kofia ikishashonwa havionekani tena. Penye mviringo hakuna mshono, kwa hiyo havina kazi. Cha tatu, kile cha kinyume kilicho karibu na mwisho, kimewekwa ili nakshi iishe upande wa kushoto kama ilivyoanza upande wa kulia. Kwenye bomba kazi hiyo inafanywa na rudio la kwanza lenyewe, maana kitanzi cha mwisho cha mzunguko kinapakana na kitanzi cha kwanza. Kwa hiyo navyo vyote 3 vinaondoka, na mfumaji anaanza na 96. Ukingo nao unapona: wazi na kinyume vikipokezana kwa zamu kwenye bomba, idadi lazima igawanyike kwa 2, na 99 isingegawanyika.

Wengi huishia kuondoa viwili tu, kwa sababu wamesikia kwamba kinachotoka ni vya mshono. Wanabaki na 97. Wakiendelea kurudia vitanzi 6 bila kusimama, kila mzunguko mpya unaanza kitanzi kimoja kando ya ule uliotangulia, na misambamba inaanza kulala upande. Mfumaji akiona nakshi inainama namna hiyo asilaumu mkono wake. Ahesabu vitanzi na agawe kwa ukubwa wa rudio. Kikibaki chochote, kosa liko hapo.

Ugumu wa pili uko kwenye safu za nyuma. Anayefuma bapa huona mbele ya kitambaa kwenye safu ya 1, ya 3 na ya 5, na kwenye safu za shufwa anatazama mgongo wake. Kwenye mviringo mbele iko kwake muda wote. Safu ya 2 ya kofia hii imeandikwa kwa macho ya mtu anayetazama nyuma, na rudio lake linasema: 1 wazi, 3 kinyume, 1 wazi, 1 kinyume. Kila neno ligeuzwe, kwa kuwa kitanzi kilicho wazi upande mmoja ni kinyume upande wa pili. Hilo wafumaji hulikumbuka. Linalosahaulika ni kwamba mpangilio nao usomwe kutoka mwisho kuja mwanzo, kwa sababu safu ya nyuma hufumwa ikielekea upande mwingine.

Likisomwa hivyo, rudio linakuwa: 1 wazi, 1 kinyume, 3 wazi, 1 kinyume. Vinundu viwili vimekaa kulia na kushoto ya ncha iliyofumwa kwenye safu ya 1, na msambamba unaanza kufunguka. Mtu akigeuza maneno peke yake bila kugeuza mpangilio anapata: 1 kinyume, 3 wazi, 1 kinyume, 1 wazi. Hapo kinundu kimoja kinakaa juu kabisa ya ncha, na cha pili kinakosa mahali. Mizunguko miwili inatosha kulionyesha kosa hili, kabla sufu nyingi haijaliwa.

Maelekezo yakiwa kwenye mchoro wa miraba, kazi ni nyepesi zaidi, kwani mchoro huonyesha mbele ya kitambaa tayari. Mfumaji wa mviringo anasoma kila mstari kutoka kulia kwenda kushoto, na kuiacha miraba iliyo nje ya mipaka ya rudio.

Halafu kuna mkono wenyewe. Watu wengi hawafumi wazi na kinyume kwa mkazo mmoja, na kofia iliyo wazi kwa sehemu kubwa inaweza kutoka tofauti na kipimo cha bapa. Tuseme maelekezo yanataka vitanzi 20 kwa sentimita 10. Vitanzi 96 vinatoa duara la sentimita 48, na kofia inavutika ikafika saizi ya kichwa. Mfumaji akipata 21 badala ya 20, duara linashuka hadi chini kidogo ya sentimita 46, na kofia inabana. Anaweza kuchukua sindano nene zaidi. Akitaka kuongeza vitanzi, hawezi kuongeza 2 au 4 apendavyo. Ataongeza rudio zima, afike 102, na duara lirudi karibu sentimita 48 na nusu.

Utosini hesabu hiyo ndiyo inayomfaa. Vitanzi 96 ni mafungu 16 ya vitanzi 6. Kila mzunguko wa kupunguza, vitanzi viwili vya mwisho wa kila fungu vinafumwa pamoja: 80, 64, 48, 32, mwishowe 16, na uzi unapitishwa ndani yake na kukazwa. Mwenye 102 anafuata njia ileile kwa mafungu 17. Kofia inapokuwa nyembamba kiasi cha kutozunguka tena kwenye waya, vitanzi vinahamishiwa kwenye seti ya sindano fupi zenye ncha pande zote mbili.

Sweta hufuata kanuni hizohizo hadi makwapani. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi zake Marekani na kuchapisha kitabu chake *Knitting Without Tears* mwaka 1971, aliwahimiza wasomaji wake wafume kiwiliwili cha sweta kwa mviringo. Mbele yenye vitanzi 99 na mgongo wenye 99 vinakuwa bomba la 192, yaani marudio 32. Kwenye matundu ya mikono, anayefuata maelekezo ya vipande viwili anagawa tena mbele na mgongo, anarudi kufuma bapa, na kuvirudisha vile vitanzi vya ziada kila upande.

Ila si kila vazi linafaa kugeuzwa. Picha kubwa ya rangi, tuseme nyota moja nyekundu kifuani, hufumwa kwa kibonge chake cha uzi, na kwenye mviringo uzi huo unabaki upande wa kushoto wa nyota wakati mzunguko unaofuata unauhitaji kulia. Hapo bapa ni bora. Sweta nzito ya pamba nayo, bila mshono wa ubavuni, hulegea na kujizungusha mwilini. Mwenye kuipenda bila mshono anaweza kuacha mstari mmoja wa vitanzi vya kinyume kila ubavu, na vitanzi hivyo viwili aviongeze nje ya hesabu ya marudio.