Tarehe 30 Februari, Nyuzi -999.9

Kumbukumbu za hali ya hewa za GHCN-Daily, zinazotunzwa na shirika la NOAA la Marekani, zina mpangilio wa aina yake. Katika faili la asili, kila mstari ni mwezi mmoja wa kituo kimoja, na una nafasi 31 za vipimo hata kama mwezi wenyewe ni Februari. Nafasi isiyo na kipimo hujazwa -9999. Joto nalo huandikwa bila nukta, hivyo 310 maana yake ni nyuzi 31.0 za Selsiasi.

Mtego uko pale faili hilo linapogeuzwa kuwa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila siku. Chukua Februari ya siku 28 jijini Dar es Salaam, na kwa wepesi wa hesabu kila mchana uwe na nyuzi 31.0. Programu isiyojua maana ya -9999 inagawa kila namba kwa kumi, kisha inazaa tarehe 29, 30 na 31 Februari, kila moja ikiwa na nyuzi -999.9. Wastani wa joto la mchana kwa mwezi mzima unatoka -68.8.

Sharti la kwanza linahusu thamani zinazokubalika: aina ya kipimo iwe kwenye orodha, kama TMAX, TMIN au PRCP, na tarehe iwepo kwenye kalenda. Siku zile tatu za uongo zinanaswa hapo hapo. Siku halali ambayo kipimo chake hakikuchukuliwa inapita, kwa hiyo linahitajika sharti la pili, la mipaka:

```
d["shaka"] = ~d["tmax"].between(-89.2, 56.7)
```

Namba hizo ni baridi kali ya Vostok, Antaktika, mwaka 1983, na joto kali la Death Valley, Marekani, mwaka 1913. Nyuzi -999.9 hazipiti. Lakini wastani ule wa -68.8 unapita bila kuguswa! Ndiyo maana ukaguzi hufanywa kwenye vipimo vya kila siku, kabla ya kujumlisha chochote, na kila kituo hupewa mipaka yake: kwa Dar es Salaam, tuseme 20 hadi 40.

Mipaka ikibana mno, ukweli nao hutiliwa shaka. Miaka ya 1980, vipimo vya ozoni vya setilaiti ya Nimbus 7 vilivyokuwa chini ya vizio 180 vya Dobson viliwekewa alama ya shaka. Juu ya Antaktika alama zikawa nyingi, na wataalamu walipovirudia wakakuta ozoni imepungua kweli. Vipimo vilikuwepo kwa sababu havikufutwa.

Hata jedwali la Dar es Salaam lipewe safu ya alama tu. Kila mstari wenye shaka ulinganishwe na faili la asili, na TMIN ikizidi TMAX ya siku hiyo hiyo, mstari huo nao uwekewe alama, hata kama kila namba imo ndani ya mipaka yake.