Je, wajua? Mguu wa Manny hushushwa na nyonga

Mtazame mhusika wa mchezo wa kompyuta anaposimama katikati ya ngazi. Katika michezo mingi mguu mmoja utakanyaga kidato, na wa pili utaning'inia hewani. Kisa ni kwamba injini haimbebi kwa miguu yake. Humtia ndani ya umbo lisiloonekana, refu na mviringo kama kidonge, na kidonge hicho ndicho kinachogusa sakafu. Miondoko yake nayo ilichorwa juu ya sakafu bapa, haina habari yoyote ya ngazi.

Kurudi Maya au Blender kurekebisha mkao, kisha kuleta faili upya, hakusaidii hapa, maana tofauti za urefu wa vidato hazina mwisho. Dawa ni mifupa isogezwe mchezo ukiwa unaendelea, na ndani ya Unreal kazi hiyo ina chombo chake: Control Rig. Ni mchoro wa nodi unaopokea mkao uliotoka kwenye uhuishaji, ukaugeuza, ukaupitisha mbele, kila fremu. Unreal Engine 5 ilipotoka Aprili 2022 ilikuja na vikaragosi wawili, Manny na Quinn, na kwenye mafaili yao mna CR_Mannequin_BasicFootIK. Kwa anayeanza, kulifungua faili hilo na kufuata nyaya zake kuna faida kuliko mafunzo mengi ya video.

Tufuate fremu moja. Manny amesimama, mguu wa kushoto kwenye kidato cha juu, wa kulia juu ya kidato kilicho sentimita 20 chini yake. Mchoro unashusha mpira mdogo wa kupimia kutoka juu ya kila wayo na kuuliza umegonga wapi. Kushoto jibu ni 0, kulia ni -20. Anayekurupuka atauvuta wayo wa kulia chini sentimita 20 na kudhani amemaliza. Lakini mguu wa mtu aliyesimama tayari umekaribia kunyooka, hauna sentimita 20 za akiba. Utanyooka kama mti na wayo bado haujafika.

Ndiyo maana kinachoshuka ni nyonga:

```
ZOffset_Pelvis = min(ZOffset_L, ZOffset_R)
```

Kati ya 0 na -20 ndogo ni -20, basi kiwiliwili chote kinashuka kiasi hicho. Mguu wa kulia unafika bila kujivuta, na wa kushoto, ambao wayo wake haukuhama, unalazimika kukunja goti. Mtu halisi husimama hivyohivyo kwenye ngazi. Nyonga haiziburuti shabaha za nyayo kwa sababu mifupa ik_foot_l na ik_foot_r haikuning'inizwa kwenye nyonga. Ina shina lake, ik_foot_root. Nodi ya Full Body IK ndiyo inayomalizia kwa kutafuta pembe za mapaja na magoti zitakazokutanisha nyayo na shabaha hizo.

Vipimo havitumiwi vibichi. Mguu ukivuka ukingo wa kidato, jibu huruka kutoka 0 hadi -20 ndani ya fremu moja, na mwili ungeshtuka. Kwa hiyo thamani husogezwa taratibu kuelekea kipimo kipya. Ukilainisha kupita kiasi, nyayo huchelewa na kuzama kwenye zege anapokimbia. Akiruka, ShouldDoIKTrace huzimwa. Usipoizima, miguu itaendelea kuitafuta ardhi wakati mwili uko hewani.

Anayejijengea mwenyewe kwa nodi ya Basic IK atakutana na goti lililopinda kinyumenyume. Kabla hujalaumu hesabu, tazama mihimili ya mifupa: kwa Manny, mhimili wa X wa mguu wa kushoto huelekea kinyume na wa kulia. Ukinakili mipangilio ya upande mmoja bila kugeuza alama, mguu mmoja utakuwa sawa na mwingine utavunjika. Kingine kinachoelekeza goti ni nukta iitwayo pole vector: iweke mbele yake, mbali kidogo.

Mwenye kutengeneza filamu hutumia chombo hichohicho kwa mkono. Kwenye Sequencer huchagua Bake To Control Rig, na njia ya Backwards Solve husoma mifupa na kuvipanga vishikio juu yake, kisha anashika wayo kwa kipanya na kuupandisha kidogo.

Mpira wa kupimia hauoni picha, huona maumbo ya mgongano tu. Zulia nene lisilo na umbo hilo litameza nyayo za Manny hadi vifundoni, hata hesabu ya nyonga ikiwa sahihi.