Watazamaji 200, Swali Moja

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, muda ambao ofisi zote za wilaya hufungua ripoti ya wiki. Dashibodi ya shirika ambalo nilikuwa nikilitunzia seva ilianza kuonyesha kiduara cha kusubiri, kikazunguka, kikazunguka, halafu ukurasa ukakata kabisa. Simu ya kwanza ilitoka kwa mratibu wa takwimu wa wilaya moja, mama mtu mzima ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "kikao kimeshaanza. Mganga mkuu ananitazama mimi, na mimi sina namba ya kumpa."

Kwa haraka wengi wetu pale ofisini tulisema seva imekuwa ndogo, inunuliwe kubwa zaidi. Kabla hatujaandika ombi la fedha niliingia kwenye hifadhidata yenyewe niione inahangaika na nini. Tulitumia PostgreSQL, ambayo ina mahali pa kuonyesha kila kazi inayoendelea ndani yake kwa dakika ile:

```sql
SELECT query, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'active'
GROUP BY query
ORDER BY count(*) DESC;
```

Mstari wa juu kabisa ulikuwa swali moja, na pembeni yake namba 97. Namba hiyo ilikuwa na maana yake. PostgreSQL isiporekebishwa hukubali miunganisho 100, na mitatu kati ya hiyo huwekewa msimamizi ili aweze kuingia hata nyumba ikijaa. Mimi niliingia kwa mlango huo wa msimamizi. Nafasi 97 zilizobaki zote zilikuwa zimekaliwa na swali lilelile: jumla ya wagonjwa wa nje nchi nzima, kwa mwezi, miezi 24 iliyopita. Aliyekuja baada ya hapo alirudishwa mlangoni, na hicho ndicho kilichomkuta yule mama.

Swali lile likiwa peke yake lilichukua sekunde 12, maana lilipaswa kupitia kila mstari wa kila kituo na kujumlisha upya. Sekunde 12 si kitu ukiwa mtu mmoja. Lakini dashibodi zilizokuwa wazi asubuhi ile zilikuwa kama 200, nyingine kwenye kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wameshatoka kwenda kunywa chai, na kila moja ilikuwa imepangwa kujisasisha yenyewe kila dakika. Zidisha 200 kwa 12: unapata sekunde 2,400 za kazi katika kila dakika moja. Seva yetu ilikuwa na vichakato 8, na vichakato 8 kwa dakika moja haviwezi kutoa zaidi ya sekunde 480. Kila dakika iliyopita iliacha deni, na dakika iliyofuata ilianza na deni hilo mgongoni. Hata seva ya ukubwa mara nne isingefua dafu.

Kilichoniuma ni kwamba majibu yote yale yalikuwa sawasawa. Tulikuwa tunajumlisha namba zilezile, tunapata jumla ileile, tunaitupa, kisha tunaanza upya kwa ajili ya mtu wa pili.

Ofisi yenye chupa ya chai inaelewa dawa yake bila kufundishwa. Chai huchemshwa mara moja asubuhi, ikamiminwa kwenye chupa, na kila anayefika anajimiminia. Hakuna anayewashiwa jiko lake. Kwenye kompyuta chupa hiyo mafundi huiita kache: mahali pa kuweka jibu lililokwisha kupatikana, pamoja na lebo ya kulitambua na muda wa kulimwaga. Sisi tulitumia Redis, programu inayohifadhi vitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya diski, kwa hiyo hurudisha jibu ndani ya muda usiofika hata milisekunde chache. Dashibodi ikifunguliwa, programu yetu huuliza kwanza Redis. Jibu likiwepo, hulichukua. Lisipokuwepo, ndipo huenda kwenye hifadhidata, hujumlisha, na kuliweka jibu kwenye kache kwa dakika 5. Kwa hesabu hiyo swali la sekunde 12 hufanyika mara moja katika sekunde 300, iwe watazamaji ni 200 au 2,000.

Wiki iliyofuata tulidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Grafu ya mzigo wa seva ilikuwa tambarare, ila kila baada ya dakika 5 ilichomoza mwiba mrefu. Mwiba unaokuja kwa saa kamili namna hiyo una sababu moja ya kutafuta kwanza, nayo ni muda wa kache kuisha.

Fikiria chupa imeisha chai na watu wako foleni. Watazamaji 200 wanaojisasisha kila dakika ni zaidi ya watatu kwa sekunde. Jibu likishamwagwa, wa kwanza anakuta patupu na kwenda kujumlisha, kazi ya sekunde 12. Ndani ya sekunde hizo wanafika wengine karibu 40, nao wanakuta patupu, na kila mmoja anawasha jiko lake. Vichakato 8 vinagawanywa kwa maswali 40, kwa hiyo hata yule wa kwanza sasa hamalizi kwa sekunde 12, na anavyochelewa ndivyo wengine wanavyozidi kurundikana nyuma yake. Kwa dakika moja au mbili tunakuwa tumerudi kwenye Jumatatu ile ile.

Tulirekebisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, jibu halimwagwi tena likifika dakika 5. Linahesabiwa kuwa limepoa, lakini linabaki kwenye kache kwa saa nzima. Pili, anayelikuta limepoa hujaribu kushika kufuli kwa amri hii:

```
SET kufuli:wagonjwa:kitaifa 1 NX EX 60
```

Neno `NX` linaiambia Redis iweke kufuli hilo ikiwa tu halipo. Hata wakifika watu 40 kwa mpigo, anayelipata ni mmoja, naye ndiye anayekwenda kujumlisha. Wengine 39 wanapewa jibu lililopoa, la dakika 5 zilizopita, na hakuna anayesubiri. Sehemu ya `EX 60` hufuta kufuli baada ya sekunde 60. Usiiache hata siku moja. Aliyeshika kufuli akizimikiwa njiani kabla ya kuliachia, bila muda huo ripoti ingeganda hadi saa nzima ya jibu lililopoa iishe, na kwa nje kila kitu kingeonekana kizima.

Kosa lililonikosesha usingizi lakini halikuwa la kasi. Lilikuwa la lebo. Ukurasa wa pili wa dashibodi ile ulionyesha takwimu za wilaya ya mtumiaji aliyeingia, na mtumiaji hakuruhusiwa kuona wilaya nyingine. Aliyeandika programu aliipa lebo `ripoti:wilaya:2023-05`. Mwezi umo, jina la wilaya halimo. Wa kwanza kufungua asubuhi alijaza kache kwa takwimu za wilaya yake, na wote waliomfuata kwa dakika 5 waliona za kwake wakidhani ni zao. Hakuna onyo lililotokea popote, wala kitu hakikukwama. Tuligundua kwa sababu mtu mmoja alijua vizuri kwamba kituo chake hakijawahi kupokea wagonjwa wengi kiasi kile.

Tangu hapo nina kanuni moja: kila kinachoweza kubadilisha jibu lazima kiwe kwenye lebo, ikiwemo mipaka ya ruhusa ya anayeuliza. Na kipimo chake ni rahisi, hakihitaji fundi. Ingia kwa akaunti mbili za wilaya mbili tofauti, moja baada ya nyingine ndani ya dakika moja, ukalinganishe.

Kuna kosa la upande wa pili, la lebo iliyobeba kupita kiasi. Ripoti moja ilikuwa na kichujio cha "hadi sasa", na programu iliandika saa pamoja na sekunde ndani ya lebo. Kila sekunde ilizaa lebo mpya, hakuna aliyeikuta ya mwenzake, na kache ikawa ghala la vitu visivyoguswa mara ya pili. Redis yenyewe huhesabu mara ilizokuta jibu na mara ilizokosa. Amri `INFO stats` huzionyesha kwa majina `keyspace_hits` na `keyspace_misses`. Ukiona zilizokosa zimezidi sana zilizokuta, itazame lebo. Sisi tulikata sekunde, tukaacha dakika tu.

Je, jibu likae muda gani? Hapo fundi asijiamulie. Wanaotumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliuingiza nchi nzima mwaka 2011, wanaifahamu hali hii: unaingiza ripoti ya kituo mchana, unafungua dashibodi, hamna kitu. Ripoti haijapotea. DHIS2 hupokea namba kwenye jedwali lake la ghafi, na kwa kawaida usiku huzijumlisha na kuzipanga kwenye majedwali mengine ya uchambuzi, na dashibodi husoma hayo. Juu yake msimamizi anaweza kuchagua kache ya dakika moja, ya saa moja, au ya hadi saa 12 asubuhi ya kesho. Kwa ripoti za mwezi, kusubiri hadi kesho hakumuumizi mtu. Kwa kufuatilia kipindupindu, ni kuchelewa mno. Mfumo huo pia unaweza kuwekwa ili takwimu za karibuni zikae kwenye kache muda mfupi na za zamani muda mrefu, mpango ambao naupenda, kwa kuwa mwezi wa mwaka juzi haubadiliki kila saa.

Lakini hata wa mwaka juzi hubadilika. Siku moja yule mama alinipigia tena. Kituo kilikuwa kimeandika 1,100 mahali pa 110. Alikuwa amerekebisha, na dashibodi bado ilisema 1,100, na kikao kilikuwa baada ya nusu saa. Nilimfutia jibu lile kwa mkono. Jioni hiyohiyo tuliongeza mambo mawili. Marekebisho yakishaidhinishwa, programu hufuta yenyewe lebo ya wilaya husika pamoja na ya kitaifa, kwa sababu namba ya wilaya imo ndani ya jumla ya nchi na ni rahisi kuisahau hiyo ya pili. Na juu ya kila grafu pakaandikwa saa ambayo jumla ilifanyika.

Alipiga mara ya tatu, wiki mbili baadaye, kuuliza kama maandishi yale yanaweza kukuzwa kidogo. Waliokaa nyuma ya ukumbi walikuwa hawasomi saa.