Mchele mweupe, sombe na mapigo ya moyo: magneziamu inapotea wapi?



Wakati wa mavuno ya mpunga tunapita mara nyingi kwenye mashini za kukoboa hapa Kindu. Siku moja mama mmoja alileta gunia yake, akamwambia kijana wa mashini: «Pitisha mara ya pili, bado haijakuwa nyeupe.» Kijana akakaza mashini, akapitisha tena. Mchele ukatoka mweupe kama chumvi. Pumba ikajaa chini, na jirani yake akaichukua kwa ajili ya nguruwe.

Yule mama hakukosea upande wa soko, kwa sababu mchele mweupe unauzwa mbio na bei yake iko juu. Lakini katika ile pumba ya nguruwe kulikuwa sehemu kubwa ya magneziamu ya mpunga wake. Mwezi huu tunaeleza kile kitu ni nini, kinakaa wapi katika chakula chetu, na mwili unafanya nini kikipunguka.

Inaanzia shambani

Magneziamu ni madini. Mmea unaitoa katika udongo kwa mizizi na kuipeleka kwenye majani, kwa sababu ile rangi ya kijani imejengwa juu yake: katikati ya kila chembe ya rangi hiyo kuko magneziamu. Ndiyo sababu mboga ya kijani iko nayo. Kisha mmea unaweka akiba katika mbegu, ili mche mdogo upate pa kuanzia. Katika punje ya mpunga, akiba hiyo haiko katikati, kwenye wanga mweupe. Iko katika ngozi ya rangi ya kahawia inayozunguka punje, na katika kile kiini kidogo cha pembeni kinachoota.

Sasa mtaelewa kinachofanyika kwenye mashini. Mara ya kwanza inatoa ganda la nje, lile gumu ambalo hakuna mtu anakula. Ikikazwa, ao mchele ukipita mara ya pili, inakwangua ngozi na kiini pia. Gramu 100 za mchele wenye ngozi yake ziko na miligramu zaidi ya 110 za magneziamu. Gramu 100 za mchele mweupe kabisa ziko na miligramu 25 mpaka 35 tu. Mchele uliopita mara moja, ule ambao bado una rangi kidogo, unakaa katikati ya hizo mbili.

Muhogo ni habari nyingine. Mzizi wake hauna magneziamu mingi tangu mwanzo, na ukilowekwa siku tatu ao ine, sehemu inaenda na maji. Lakini majani ya muhogo uleule, ndiyo sombe, yako nayo kupita mzizi. Mafuta ya mawese na sukari hazina kitu upande huu, hata ukiweka mingi.

Tuhesabu chakula cha siku moja

Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 300 mpaka 400 kwa siku. Mwanaume anahitaji kupita mwanamke. Mwili hauchukui yote inayoingia, lakini hesabu hiyo imekwisha kuliangalia jambo hilo.

Tuchukue mwanaume anayelima mpunga. Mchana anakula mchele mweupe, gramu 300 kabla ya kupikwa: hiyo ni miligramu karibu 90. Magaribi anakula fufu ya unga wa muhogo, gramu 300 za unga: karibu 90 tena. Kipande cha samaki wa Lualaba cha gramu 100 kinaongeza karibu 30. Jumla ni 210. Tumbo limeshiba, nguvu ya kufanya kazi anayo, lakini kama anahitaji 350, kunabakia pengo la 140.

Sasa tuongeze sahani ya lengalenga iliyopikwa, gramu 150: karibu 80. Tuongeze pia karanga gramu 50, ndiyo kama kiganja kimoja na nusu: karibu 80. Pengo limejaa. Mbegu za maboga ndizo zinashinda zote. Gramu 30 za mbegu zilizotolewa maganda, zikatwangwa ndani ya mchuzi ao zikafungwa katika majani, zinaleta zaidi ya 150 peke yake. Maharagi, mahindi yasiyokobolewa na soya viko upande huo pia.

Angalisho juu ya mapishi: magneziamu haiharibiwi na moto, lakini inayeyuka katika maji. Ukichemsha lengalenga ao matembele na kumwaga maji, umemwaga sehemu yake. Pika na maji kidogo, na ule na mchuzi wake. Kwa sombe tusifanye hivyo bila kufikiri. Majani ya muhogo yako na sumu, na kuyatwanga vizuri kisha kuyachemsha muda mrefu sufuria wazi ndiko kunaitoa. Kama jamaa yenu ina desturi ya kumwaga maji ya kwanza, zaidi kwa muhogo mchungu, endeleeni kumwaga. Afadhali kupoteza madini kidogo kuliko kubakiza sumu.

Misuli na moyo

Katika mwili wa mtu mzima kuko magneziamu gramu 25 hivi tu. Zaidi ya nusu iko katika mifupa, na karibu yote inayobaki iko ndani ya misuli na viungo vingine. Katika damu iko chini ya sehemu moja kwa mia.

Msuli unakaza wakati madini mengine, kalisiamu, yanaingia ndani yake. Magneziamu inashikilia kalisiamu isiingie kupita kipimo, na inasaidia msuli kulegea kisha kukaza. Pia, nguvu ambayo mwili unatoa katika chakula haiwezi kutumika bila hiyo. Ikipunguka sana, mishipa ya fahamu inashtuka haraka: misuli inacheza yenyewe, hasa kope na vidole, mikono inatetemeka, miguu inakazana, mtu anasikia uchovu. Ikizidi, degedege inaweza kuja.

Moyo pia ni msuli. Ili upige kwa mpango, chumvi mbili, kalisiamu na potasiamu, zinapaswa kuingia na kutoka kwa wakati wake. Magneziamu ikikosa, figo zinaacha potasiamu ipotee katika mkojo, na moyo unaweza kuruka mapigo, kwenda mbio bila sababu, ao kupiga bila mpango. Waganga wanajua hali moja ya namna hiyo: mgonjwa anapewa potasiamu siku kwa siku, haipandi. Wakimwongezea magneziamu ndipo inapanda.

Nani hasa yuko katika hatari?

Hapa tuseme wazi. Mtu mwenye figo nzima akila magneziamu kidogo, figo zinaibana, zinaacha kuitupa katika mkojo. Kwa hiyo anaweza kukaa muda mrefu na upungufu mdogo bila dalili hata moja. Na damu haionyeshi vizuri, kwa sababu mwili unachukua katika mifupa ili damu ibaki sawa.

Dalili nzito zinakuja mara nyingi pale ambapo chakula kidogo kinakutana na kitu kingine kinachoitoa. Cha kwanza ni kuhara kwa muda mrefu. Cha pili ni pombe kali: lotoko inafanya figo kuitupa, na anayekunywa sana mara nyingi hali vizuri. Cha tatu ni kisukari kisichotunzwa. Cha ine ni dawa fulani zikimezwa muda mrefu, kama zile za presha zinazokojoza ao omeprazoli ya tumbo. Anayemeza dawa hizo asiziache mwenyewe, amuulize munganga.

Watoto wenye utapiamlo mkali wako katika kundi hilo pia, kwa kuwa wamekosa chakula na mara nyingi wanahara. Ndiyo sababu maziwa ya F-75 na F-100 ambayo wanapewa wakati wa kutibiwa yanatiwa magneziamu na potasiamu.

Tusidanganyane pia juu ya miguu inayokazana usiku. Kwa wengi sababu ni kazi nzito, jasho, kukosa maji, mimba ao uzee. Vidonge vya magneziamu vimejaribiwa kwa wazee wenye shida hiyo, na havikuwasaidia sana. Kwa hiyo usikimbilie kununua vidonge sokoni. Vikizidi vinaharisha, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa figo vinaweza kuwa hatari kwa moyo wenyewe. Magneziamu ya chakula haina hatari hiyo kwa mwenye figo nzima.

Lakini moyo ukiruka pamoja na kizunguzungu, kuzimia, maumivu ya kifua ao kukosa pumzi, hiyo si habari ya mboga. Mtu aende kituo cha afya siku ileile.

Kufanya nini na mpunga wetu?

Hatuwaambii muuze mchele wa kahawia kama soko halitaki. Tunasema mgawanye. Ule wa kuuza ukobolewe namna mnunuzi anataka. Ule wa nyumbani, mwambieni mtu wa mashini alegeze na aupitishe mara moja tu, ao muutwange katika kinu na kuacha kabla haujawa mweupe.

Kuko mambo mawili ya kujua. Ngozi ya mchele iko na mafuta, na mafuta hayo yanachacha. Baada ya majuma machache mchele unanuka. Basi wekeni akiba kama mpunga, mkoboe wa juma moja ao mawili kwa mara moja. Na mchele huo unachelewa kuiva: uloweke saa moja, ongeza maji, na upike mpaka yakauke, usiyamwage.

Pumba ya mashini nyingi za hapa haifai watu, kwa sababu imechanganyika na maganda makali yaliyosagwa. Iacheni iende kwa kuku na nguruwe.

Tena muangalie majani katika shamba. Udongo wetu wa Maniema umeoshwa na mvua nyingi, na magneziamu inaoshwa pamoja nao. Dalili yake kwenye mahindi iko wazi: majani ya chini, yale ya zamani, yanageuka manjano katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe inabaki kijani. Kama njano inaanza kwa majani mapya ya juu, tafuteni sababu nyingine. Majivu ya kuni yanarudisha kidogo. Tieni machache na kuyachanganya na udongo, kwa maana yakizidi, potasiamu yake inazuia mmea kuchukua magneziamu ileile mnayotafuta.

Na katikati ya mahindi hayo pandeni maboga. Yanafunika udongo, majani yake yanaliwa, na mbegu ambazo wengi wanatupa zinaleta magneziamu kupita chakula kingine chote tulichotaja hapa.