Ulinunua kwa Bei Gani? Barua ya Kodi na Mwenye Sarafu za Kidijitali

Waswahili wengi wanaoishi Uingereza wamewahi kununua sarafu za kidijitali, wakauza, kisha wakasahau. Miaka michache baadaye bahasha ya mamlaka ya mapato, HMRC, inadondoka mlangoni. Barua haimshutumu mtu. Inasema tu kwamba mamlaka ina taarifa zinazoonyesha kuwa huenda uliuza sarafu hizo na faida yake haijatangazwa, hivyo uangalie hesabu zako na ujibu. Wengi hushtuka wakidhani wanaulizwa pesa zimekwenda wapi. Mauzo kwa kawaida mamlaka inayaona, na kinachokosekana ni bei ya kununulia.

Kodi hii hutozwa kwenye faida. Faida ni pesa uliyopata baada ya ada ya kuuzia, ukitoa gharama uliyoingia kupata sarafu yenyewe. Jukwaa ulilouzia linajua uliuza kwa kiasi gani, lakini kama sarafu ziliingia hapo kutoka kwingine, halina habari ya bei uliyonunulia. Mkaguzi anayetazama jukwaa hilo peke yake anaona mauzo yasiyo na gharama. Kazi ya kuonyesha gharama ni yako.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa dada muuguzi mzaliwa wa Mombasa anayeishi Leicester. Machi 2021 alinunua ETH 2 kwenye jukwaa la kwanza, kila moja kwa pauni 1,200. Pamoja na ada ya pauni 30, zilimgharimu pauni 2,430. Juni 2022, akiwa likizoni nyumbani, alinunua USDT kwa njia ya mtu kwa mtu kwenye jukwaa la pili. Alimlipa muuzaji shilingi 129,600 kwa M-Pesa, kisha akabadilisha USDT hizo kupata ETH 1. ETH zote tatu akazihamishia kwenye pochi yake binafsi. Tarehe 10 Desemba 2024 alipeleka ETH 2 kwenye jukwaa la tatu, akaziuza, na baada ya ada akapata pauni 5,760.

Barua inapofika, anafungua simu na kutazama jukwaa la tatu. Anaona mapokezi ya ETH 2, mauzo, basi. Akijaza hesabu kwa ukurasa huo tu, faida yake ni pauni 5,760 nzima. Kwa mwaka wa kodi wa 2024/25, pauni 3,000 za mwanzo za faida hazitozwi kodi. Zinabaki 2,760, na kwa kiwango cha asilimia 18 cha mwenye kipato cha kawaida, atalipa pauni 496.80. Hiyo ni kodi ya pesa ambazo kwa sehemu kubwa ni mtaji wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kukusanya kumbukumbu kutoka kila mahali alipowahi kununua, kuuza au kuhifadhi. Ukurasa wa salio hautoshi, kwa kuwa unaonyesha ulicho nacho leo tu. Anachohitaji ni historia kamili ya miamala, ambayo majukwaa mengi humruhusu mteja kuipakua kama faili la CSV. Aichukue tangu siku alipofungua akaunti, maana gharama ya mauzo ya 2024 imelala kwenye ununuzi wa 2021. Afanye hivyo mapema pia, kwa sababu majukwaa hufungwa. FTX ilipoanguka Novemba 2022, wateja walijikuta hawawezi kutoa pesa wala kupata kumbukumbu zao kwa urahisi. Pochi binafsi haina faili la kupakua, lakini anwani yake ikiwekwa kwenye Etherscan, kila ETH iliyoingia na kutoka inaonekana pamoja na tarehe na saa.

Hatua ya pili ni kuweka yote kwenye jedwali moja, mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe, aina ya tukio, kiasi cha sarafu, thamani kwa pauni, ada, na ushahidi ulipo. Hapa ndipo watu hukosea zaidi. ETH zilizotoka jukwaa la kwanza kwenda pochini si mauzo, na zilipoingia jukwaa la tatu hazikununuliwa upya. Ni mali ile ile imehamishwa na mwenyewe, kwa hiyo mistari hiyo miwili lazima ioanishwe. Kiasi kilichofika huwa pungufu kidogo ya kilichotoka kwa sababu ya ada ya mtandao, na saa hupishana kwa dakika chache. Ada hiyo ikilipwa kwa ETH, nayo ni ETH iliyotumika na ina hesabu yake ndogo. Hapa tumeiacha kando ili mfano usomeke.

Saa nazo zina mtego. Mafaili mengi ya majukwaa hutumia saa ya UTC, wakati taarifa ya M-Pesa iko kwa saa ya Afrika Mashariki. Malipo ya saa saba na nusu usiku Mombasa yanaonekana kwenye faili la jukwaa kama ya saa nne na nusu usiku wa siku iliyotangulia. Asiyejua hilo atatafuta muamala siku isiyo yake, aseme haupo, au auandike mara mbili.

Ununuzi wa Mombasa unahitaji maelezo zaidi. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha shilingi zimetumwa kwa mtu fulani. Haitaji USDT popote. Jukwaa la pili nalo lina oda yenye kiasi hicho hicho, dakika hizo hizo na jina la muuzaji. Karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja, zinathibitisha kwamba pesa ile ililipia sarafu. Kisha shilingi zigeuzwe kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya ununuzi, si cha leo. Tukichukua shilingi 144 kwa pauni, 129,600 ni pauni 900. Kubadilisha USDT kuwa ETH ni tukio la kodi pia, kwa kuwa sheria ya Uingereza huhesabu kwamba USDT zimeuzwa. Faida yake hapa ni sifuri, kwa sababu bei haikubadilika ndani ya dakika chache, lakini mstari uandikwe. Thamani ya USDT zilizotolewa, pauni 900, ndiyo gharama ya ETH iliyopatikana.

Kabla ya kukokotoa chochote, jedwali lipimwe. Panga matukio kwa tarehe, kisha ufuatilie salio la kila sarafu mstari kwa mstari. Salio likishuka chini ya sifuri popote, kuna ununuzi au mapokezi yaliyosahaulika, kwani huwezi kuuza usichokuwa nacho. Mwishoni, salio la jedwali lilingane na kilichomo leo kwenye majukwaa na pochi zote. Kipimo hiki hufichua makosa mengi ambayo macho hayayaoni.

Sasa hesabu. Uingereza haimruhusu mtu kuchagua kwamba ameuza ETH ya bei ghali au ya bei rahisi, wala haijali zimekaa jukwaa gani. Za aina moja zote huingia kapu moja, na gharama zake hujumlishwa. Kapu la dada huyu lina ETH 3 zenye gharama ya 2,430 na 900, jumla pauni 3,330. Wastani ni pauni 1,110 kila moja, hivyo mbili alizouza zilimgharimu 2,220. Faida inashuka kutoka 5,760 hadi 3,540. Akitoa 3,000 zisizotozwa zinabaki 540, na kodi yake ni pauni 97.20.

Lakini jedwali lake bado lina kasoro: salio la mwisho linasema ETH 1, na yeye anazo 2. Akirudi jukwaa la kwanza, ambako alikuwa amepakua faili la 2021 peke yake, anakuta ununuzi wa 20 Desemba 2024. Bei ilikuwa imeshuka, akanunua ETH 1 kwa pauni 2,720 pamoja na ada. Ununuzi huo unageuza hesabu yote. Kanuni inasema mauzo yaoanishwe kwanza na ununuzi wa siku hiyo hiyo, kisha na ununuzi uliofanyika ndani ya siku 30 baada ya mauzo, na ndipo kinachobaki kitolewe kapuni. Kanuni hiyo iliwekwa kuzuia watu kuuza leo na kununua kesho ili tu watengeneze hasara ya karatasini.

Kwa hiyo, kati ya ETH 2 zilizouzwa, moja inabeba gharama ya 2,720 na nyingine 1,110 ya kapuni, jumla 3,830. Faida ni pauni 1,930. Kama hana faida nyingine mwaka huo, yuko chini ya 3,000 na hadaiwi kodi. Kapu linabaki na ETH 2 zenye gharama ya pauni 2,220. Ile ya bei ghali imekwishatumika kwenye hesabu, na siku atakapouza zilizobaki faida itaonekana kubwa zaidi.

Kutodaiwa hakumwondolei kazi ya kujibu barua. Jibu zuri ni fupi: mauzo yalikuwa haya, gharama ilipatikana hivi, kanuni iliyotumika ni hii, jedwali na nakala zimeambatanishwa. Palipokosekana karatasi, aseme wazi na aonyeshe alivyokadiria, kwa mfano kwa taarifa ya benki ya siku ile na bei ya soko ya tarehe hiyo. Kadirio lenye njia inayoonekana linaweza kujadiliwa, lakini namba isiyo na asili hukataliwa.

Hesabu hii ni ya Uingereza. Mwenye jamaa Dar es Salaam au Nairobi asiwape jedwali hili waige. Kuanzia Julai 2024 Tanzania hukata asilimia 3 ya malipo ya kuhamisha mali ya kidijitali, pawe na faida au pasiwe. Kenya nayo ilitoza asilimia 3 ya thamani yote kuanzia Septemba 2023, ikaifuta na tangu Julai 2025 inatoza ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za majukwaa. Tozo za namna hiyo hazimuulizi mtu alinunua kwa bei gani.

Kwa waliopo Uingereza, swali hilo litaulizwa mara nyingi zaidi. Tangu 1 Januari 2026 majukwaa yanatakiwa kukusanya taarifa za wateja na miamala yao, na ripoti za kwanza zitafika HMRC kabla ya 31 Mei 2027 kuisha. Ripoti hizo zitakuwa na mauzo mengi zaidi ya yale yanayoonekana sasa. Gharama ya sarafu iliyotoka kwenye pochi binafsi, au iliyolipiwa kwa M-Pesa likizoni, haitakuwamo humo. Hiyo itabaki kwenye faili la mwenyewe, na mwaka aliounua ndio mwaka ulio rahisi kuliandaa.