Mkono wa kushoto unapolala

Kaa pembeni ya kijana anayesafisha picha za harusi kwenye Photoshop, umtazame mikono. Wa kulia umeshika kipanya na haupumziki. Wa kushoto mara nyingi umeegemea shavu. Kila akitaka kubadili ukubwa wa brashi, kipanya kinaondoka usoni mwa bibi harusi, kinapanda juu ya skrini, kinavuta kitelezi, kisha kinarudi kutafuta kilipoishia. Tuseme kila safari ni sekunde 2, na picha moja ina safari 20. Kwa picha 300 za harusi moja, hizo ni saa 3 na dakika 20 za kwenda na kurudi tu, bila chunusi hata moja kuondoka.

Tuchukue picha moja. Bibi harusi ana chunusi tatu kwenye paji la uso, moja ikiwa karibu kabisa na nywele, na weusi kidogo chini ya macho. Kabla ya kugusa ngozi, bonyeza Ctrl+Shift+Alt+N. Leya mpya tupu inafunguka bila kukuuliza jina. Kazi yote ifanyike hapo, ili ukiharibu ufute leya na picha ya asili ibaki salama. Wanaotumia Mac waweke Cmd mahali pa Ctrl, na Option mahali pa Alt.

Sasa bonyeza J, upate Spot Healing Brush, na hakikisha juu pamewekwa tiki kwenye Sample All Layers. Bila tiki hiyo, brashi inasoma leya tupu na hakuna kitakachobadilika. Kama badala ya duara umepata alama nyingine, J imekuletea kifaa jirani. Bonyeza Shift+J mpaka Spot Healing Brush irudi. Likija alama ndogo ya msalaba, angalia Caps Lock. Imewaka. Nimeona watu wakizima kompyuta na kuiwasha upya kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Ukubwa wa brashi unaongozwa na mabano ya mraba: [ hupunguza, ] huongeza. Kwenye Windows kuna njia tamu zaidi: shikilia Alt na kitufe cha kulia cha kipanya, kisha vuta. Kwenda kushoto au kulia hubadilisha ukubwa. Juu au chini hubadilisha ugumu wa kingo. Duara lizidi chunusi kidogo tu, halafu gonga mara moja. Tabia ya kupaka huku na huku kama anayefuta ubao ndiyo inayoharibu ngozi, kwa sababu programu inalazimika kubuni eneo kubwa, na vinyweleo vinageuka ukungu.

Ile chunusi ya karibu na nywele itakusumbua. Brashi ya J itavuta weusi wa nywele na kuacha doa la moshi kwenye paji. Ukiliona, rudi kwa Ctrl+Z (matoleo ya kabla ya CC 2019 hutaka Ctrl+Alt+Z kurudi hatua nyingi), kisha shikilia S bila kuiachia. Unapata Clone Stamp. Juu, pale penye Sample, chagua Current & Below. Bonyeza Alt na ugonge ngozi safi ya jirani, achia Alt, gonga chunusi. Ukiachia S, unarudi kwenye J yenyewe. Njia hii ya kushikilia badala ya kubonyeza na kuacha wengi hawaijui, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kwa weusi wa chini ya macho, bonyeza S na uiache. Weka Mode kuwa Lighten, ili stempu iguse tu penye giza kuliko ngozi uliyochukua. Bonyeza 3, wino unashuka hadi asilimia 30, kisha pita taratibu mara mbili. Usiuondoe wote, maana jicho lisilo na kivuli chini yake huonekana la sanamu. Ukimaliza bonyeza 0 kurudisha asilimia 100, na Mode uirudishe Normal. Ukisahau, picha inayofuata stempu itaonekana kama imechoka, nawe utadhani brashi imeharibika.

Vitufe hivi vina hatari yake: vidole vikizoea, vinakimbia mbele ya macho. Kila baada ya migongo kama kumi, bonyeza Ctrl+0 uone uso mzima, halafu Ctrl+1 urudi karibu. Ukiwa mbali ndipo utakapoona kama umefuta chunusi au umefuta mtu. Chunusi hupona baada ya wiki, kwa hiyo iondoe. Alama ya kuzaliwa iache ilipo mpaka mwenyewe aseme itoke.